Mtawanyo wa haipajiometri: kuchota bila kurudisha

Mtawanyo wa haipajiometri ni kanuni ya uwezekano inayojibu swali hili: fungu la bidhaa lina idadi fulani ya vitu na baadhi yake ni vibovu; mkaguzi akichota vichache kwa nasibu, bila kurudisha anachokwisha kukichota, kuna uwezekano gani wa kukuta kibovu kimoja, viwili, au asikute chochote? Fungu ni bidhaa zinazokaguliwa kwa pamoja na kukubaliwa au kukataliwa kwa pamoja. Sampuli ni zile chache zinazochotwa.

Chukua katoni yenye balbu 20, ambapo 4 haziwaki. Mkaguzi hajui hilo. Anachota balbu 5, anazijaribu, na kwa utaratibu wake katoni inapita ikiwa zote 5 zinawaka. Uwezekano kwamba balbu ya kwanza ni nzima ni 16/20. Ikiwa ilikuwa nzima, zimebaki balbu 19, na nzima ni 15. Kwa hiyo uwezekano wa ya pili ni 15/19. Ya tatu ni 14/18, ya nne 13/17, na ya tano 12/16. Ukizidisha sehemu hizo tano unapata 0.282. Katoni ambayo moja ya tano yake ni mbovu itapita mara 28 hivi katika kila 100.

Jibu hilohilo hupatikana kwa kuhesabu njia za kuchagua. Balbu 5 zinaweza kuchaguliwa kutoka 20 kwa njia 15,504, na kila njia ina nafasi sawa na nyingine. Njia zinazochukua nzima 5 kutoka zile 16 ni 4,368. Gawa, utapata 0.282 ileile. Kwa mbovu moja kamili, njia ni 4 za kuchagua mbovu, mara 1,820 za kuchagua nzima 4, yaani 7,280, au 0.470. Kwa jumla, fungu likiwa na vitu N ambavyo K kati yake ni vibovu, na sampuli ikiwa na vitu n, uwezekano wa kukuta vibovu k ni:

```
P(k) = C(K, k) * C(N-K, n-k) / C(N, n)
```

Alama C(a, b) ni idadi ya njia za kuchagua vitu b kutoka a bila kujali mpangilio.

Jina gumu la mtawanyo huu linatokana na mfululizo wa namba. Katika mfululizo wa kijiometri, kila namba hupatikana kwa kuzidisha iliyotangulia kwa uwiano usiobadilika. Hapa uwiano hubadilika kila hatua: kutoka mbovu 0 hadi 1, uwezekano unazidishwa kwa 20/12, kutoka 1 hadi 2, kwa 12/26. Mfululizo wa aina hiyo umevuka ule wa kijiometri, na kiambishi cha Kigiriki kilichoandikwa kwa Kiswahili kama “haipa” kina maana hiyo ya kuvuka au kuzidi. Kutafsiri jina lote kungezaa neno refu lisilomweleza msomaji lolote kuhusu balbu. Ni afadhali kulitohoa, na kuliambatanisha na maelezo yanayobeba kiini chake: kuchota bila kurudisha.

Mtawanyo binomia hutokana na kudhani kwamba kila uchotaji una uwezekano uleule na hauathiriwi na uliotangulia. Hilo lingekuwa kweli kama mkaguzi angerudisha kila balbu katonini na kuichanganya na nyingine kabla ya kuchota tena. Kwa njia hiyo uwezekano wa kukuta nzima 5 mfululizo ni 0.8 ikizidishwa kwa yenyewe mara tano, yaani 0.328 badala ya 0.282. Kosa la namna hii si dogo kwa mnunuzi, maana linahusu nafasi ya bidhaa mbovu kupenya. Isitoshe, binomia inatoa uwezekano mdogo, 0.0003, wa kukuta mbovu 5, wakati katonini zimo 4 tu.

Wastani wa mbovu katika sampuli ni mmoja kwa kanuni zote mbili. Tofauti iko kwenye utandaaji wa majibu kuzunguka wastani huo. Kila nzima inayotoka huongeza nafasi ya mbovu kutoka baadaye, na kila mbovu hupunguza, hivyo sampuli huvutwa kuelekea katikati. Varianzi, kipimo cha utandaaji huo, ni 0.8 kwa binomia. Kwa haipajiometri inazidishwa kwa (N−n)/(N−1), hapa 15/19, na kushuka hadi 0.63.

Sehemu hiyo ya kuzidishia ndiyo inayoonyesha lini binomia inafaa: ni pale inapokaribia 1. Balbu zikiwa 200 na mbovu 40, uwezekano wa nzima 5 ni 0.324, zikiwa 2,000 na mbovu 400, ni 0.327, ambapo binomia inasema 0.328. Wakaguzi wengi hutumia binomia bila wasiwasi sampuli isipozidi sehemu moja ya kumi ya fungu. Ni kanuni ya mazoea, lakini inasaidia, kwani huelekeza jicho kwenye uwiano wa sampuli na fungu.

Kuna mfano unaoivunja binomia waziwazi. Katoni ya balbu 20 ina mbovu 1, na mkaguzi anachota 10. Nafasi ya kuikosa ile mbovu ni nusu kamili, kwa sababu iko ama katika 10 zilizochotwa au katika 10 zilizobaki. Binomia yenye 0.05 kwa kila uchotaji inasema 0.599. Cha kuvutia ni kwamba katika kanuni ya haipajiometri K na n zinaweza kubadilishana nafasi bila jibu kubadilika. Kwa hiyo mtu anaweza kuzichukulia mbovu kama ndizo zinazofanya jaribio: mbovu ni moja, na nafasi yake ya kuangukia sampuli ni 10/20. Binomia iliyogeuzwa hivyo inatoa 0.5 barabara. Mbovu zikiwa chache kuliko sampuli, mageuzo hayo huleta makadirio ya karibu zaidi.

Hata hivyo, yapo mazingira ambamo binomia si makadirio bali ndiyo jibu lenyewe. Tuseme mashine ya kiwandani hutoa balbu ambazo kila moja ina uwezekano wa 0.2 wa kuwa mbovu, pasipo kutegemea nyingine. Katoni moja itakuwa na mbovu 2, nyingine 7. Mkaguzi akiuliza ni sehemu gani ya katoni zote za mashine hiyo zitapita, jibu ni 0.328 ileile ya binomia, hata kama katoni ni za balbu 20, kwani balbu 5 zilizochotwa ni balbu 5 za mashine na katoni haina neno. Haipajiometri hujibu kuhusu katoni hii, yenye mbovu 4. Binomia hujibu kuhusu mashine. Udhibiti wa ubora, katika istilahi inayohusishwa na Harold Dodge na Harry Romig wa maabara za Bell nchini Marekani, hutenganisha mambo hayo kwa kuchora mikunjo miwili ya uwezekano wa kukubali fungu: aina A kwa fungu moja lililopo, ambalo mnunuzi analipokea, na aina B kwa mfululizo wa mafungu yanayotoka katika uzalishaji wa mtengenezaji.