t-SNE

t-SNE ni mbinu ya takwimu na ujifunzaji wa mashine inayotumika kuchora data yenye dimensheni nyingi kwenye ramani ya dimensheni mbili au tatu. Ilitangazwa mwaka 2008 na Laurens van der Maaten na Geoffrey Hinton, ikiwa ni maboresho ya mbinu ya SNE iliyobuniwa na Hinton pamoja na Sam Roweis mwaka 2002.

Mchoro wa t-SNE huonyesha vizuri ni nukta zipi zilizo jirani. Hata hivyo, ukubwa wa makundi yanayoonekana na umbali kati yake haviwezi kusomwa kama vipimo vya data yenyewe.

## Jinsi inavyofanya kazi

Mfano unaojulikana ni MNIST, mkusanyiko wa picha za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono. Kila picha ina pikseli 28 kwa 28, yaani namba 784, kwa hiyo ni nukta moja katika nafasi ya dimensheni 784. Van der Maaten na Hinton walichora picha 6,000 kati ya hizo, na tarakimu za aina moja zikakusanyika pamoja ingawa mbinu haikuambiwa ipi ni ipi.

Kwanza kila nukta hutoa uzito kwa nukta nyingine kulingana na umbali wao, kwa kutumia mkunjo wa Gauss wenye umbo la kengele:

```
exp(-d² / (2σ²))
```

Hapa d ni umbali na σ ni upana wa kengele. Kila nukta hupewa σ yake, kiasi kwamba idadi ya majirani wanaohesabika ilingane na thamani iliyochaguliwa na mtumiaji, iitwayo `perplexity`. Thamani hiyo kwa kawaida huwa kati ya 5 na 50. Kisha nukta husogezwa kwenye ramani hatua kwa hatua, mpaka uzito wa ujirani kwenye ramani, unaokokotolewa kwa mgawanyo wa t wa Student, ukaribiane na ule wa mwanzo.

## Kwa nini ukubwa wa makundi hupotosha

Tuchukue kundi A lenye nukta 100, na kundi B ambalo ni nakala ya A iliyotanuliwa mara 10. Makundi haya yako mbali sana. Ikiwa nukta fulani ya A ina σ = 1, jirani aliye umbali wa 1 hupata uzito wa takriban 0.61. Nukta inayolingana nayo katika B itapewa σ = 10, na jirani wake aliye umbali wa 10 hupata uzito uleule wa 0.61.

Tofauti ya mtawanyiko imefutwa kabla uchoraji haujaanza. Kwenye ramani A na B hutokea na ukubwa unaokaribiana, ingawa moja limetawanyika mara 10 zaidi.

## Kwa nini umbali kati ya makundi hupotosha

Tuseme kundi A liko umbali wa 200 kutoka B, na kundi la tatu, C, liko umbali wa 400 kutoka B. Kwa σ = 10, uzito ambao nukta ya B huipa A ni exp(-200), namba yenye sufuri zaidi ya 80 baada ya alama ya desimali. Uzito wa C ni exp(-800), mdogo kiasi kwamba kompyuta kwa kawaida huuandika kuwa 0.

Kwa hesabu ya t-SNE zote mbili ni sawa na hakuna ujirani, na habari kwamba C iko mbali mara mbili zaidi hupotea. Makundi husukumana kwenye ramani, lakini yanapoishia hutegemea zaidi mpangilio wa kuanzia, idadi ya nukta na idadi ya hatua.

## Kutambua upotoshaji

Njia rahisi ni kurudia uchoraji kwa thamani kadhaa za `perplexity` na mianzo tofauti ya nasibu. Katika maktaba ya scikit-learn:

```python
from sklearn.manifold import TSNE
for p, s in [(p, s) for p in (5, 30, 50) for s in (1, 2, 3)]:
    Y = TSNE(perplexity=p, init="random", random_state=s).fit_transform(X)
```

Umbali unaobadilika kila mara si sifa ya data. Thamani ndogo sana, kama 2, inaweza hata kuonyesha vikundi ndani ya data ya nasibu isiyo na kundi lolote.

Kuanza na uchanganuzi wa vijenzi vikuu (`init="pca"`) husaidia kuhifadhi mpangilio wa jumla, lakini hakuufanyi mchoro kuwa kipimo. Anayetaka kujua mtawanyiko wa kundi, au umbali kati ya makundi mawili, hana budi kuukokotoa katika data ya awali, si kwenye ramani.