Meralgia parestetika: ganzi ya paja la nje

Mtu akiulizwa ganzi yake iko wapi, mara nyingi hajibu kwa maneno. Anakipitisha kiganja ubavuni mwa paja, kutoka chini kidogo ya nyonga mpaka karibu na goti, kama anayejipaka mafuta. Kwa daktari, ishara hiyo ni nusu ya jibu, kwa sababu ngozi ya eneo hilo inahudumiwa na neva moja tu. Neva hiyo ikibanwa, ugonjwa unaotokea huitwa katika vitabu vya tiba meralgia parestetika.

Jina hilo limeundwa kwa Kigiriki. Meros ni paja na algos ni maumivu. Neno la pili linataja hisia zisizo za kawaida, yaani kuchomwachomwa kama kwa sindano, mwako wa moto, au kufa ganzi. Vladimir Roth, daktari wa neva wa Urusi, ndiye aliyelitoa jina hilo mwaka 1895, baada ya kuuona ugonjwa huo kwa wapanda farasi waliokuwa wakikaza sana mikanda yao. Mwaka huohuo Mjerumani Max Bernhardt naye aliandika kuuhusu, na Sigmund Freud akachapisha maelezo yake akijitaja yeye mwenyewe kuwa miongoni mwa walioupata.

Kwa Kiswahili mgonjwa huambiwa kwa mkato tu: "Mshipa umebanwa." Hapo ndipo ninapoona tatizo. Mshipa katika lugha yetu ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na wengine huita hivyo hata ngiri. Mgonjwa akitoka na neno hilo, hufikiri damu haifiki mguuni. Ataanza kujichua kwa nguvu, kutafuta dawa za kusafisha damu, na kuogopa kupooza. Damu haihusiki hapa hata kidogo, wala misuli. Kwa hiyo mimi nashika neno neva, na ugonjwa wenyewe nauita ganzi ya paja la nje. Jina hili linataja hisia ambayo wagonjwa wengi hutangulia kuitaja, na linataja mahali. Halitaji mwako, na huo ni upungufu wake. Anayesikia moto badala ya ganzi aelezwe kwamba ugonjwa ni uleule.

Neva hiyo huchipuka kwenye uti wa mgongo, kutoka mizizi ya pili na ya tatu ya neva za kiuno, ikapita ndani ya fupanyonga na kutokea mbele, karibu kabisa na ile ncha ya mfupa unayoigusa ukishika kiuno. Mahali hapo hupenya chini ya kano ya kinena, au katikati yake, kisha hukata kona kali kushuka pajani. Kona hiyo ndiyo udhaifu wake. Kinachobonyeza kutoka nje huikandamiza neva kwenye kano, na kinachosukuma kutoka ndani hufanya vivyo hivyo. Ukisimama wima au ukitembea hatua ndefu, neva huvutika na ganzi huongezeka. Ukikaa na kukunja nyonga, hulegea, na wengi hupata nafuu.

Tumchukue mlinzi wa lango, mwanamume wa miaka arobaini na kitu. Anasimama zamu nzima akiwa na mkanda mpana wa ngozi ulioning'inizwa rungu, tochi na redio ya mawasiliano. Tangu aajiriwe amenenepa, na kitambi kimeusukuma mkanda chini mpaka umekaa juu ya zile ncha mbili za nyonga. Hapa mkanda na unene vinasaidiana: tumbo linaivuta kano ya kinena kutoka juu, mkanda unabana kutoka mbele, na uzito wa vifaa unaongeza mkandamizo upande mmoja. Paja la kulia linaanza kuwaka saa za mwisho za zamu. Baada ya wiki kadhaa anaona kwamba akiingiza mkono mfukoni, ngozi ya paja haihisi vidole, ilhali mguso mwepesi wa suruali unamkera.

Akifika kliniki, daktari anampa kalamu ajichoree mwenyewe mpaka wa ganzi kwenye ngozi. Mstari unabaki mbele na nje ya paja. Hauingii upande wa ndani wala haushuki chini ya goti. Kisha daktari anagonga chini ya goti kwa nyundo ndogo, na mguu unaruka kama kawaida. Anamtaka achuchumae na kuinuka, na nguvu zipo. Mwishowe anamlaza ubavu, upande wenye ganzi ukiwa juu, na kulisukuma fupanyonga chini kwa takriban sekunde 45. Kitendo hicho huilegeza kano, na mlinzi anasema mwako umepungua. Kwa matokeo kama hayo, mara nyingi hakuna haja ya kukimbilia picha za mgongo. Sukari ya damu ipimwe hata hivyo, kwa kuwa neva ya mwenye kisukari huumia upesi zaidi.

Mjamzito hupata ganzi hiyohiyo bila mkanda wowote. Mimba inapokua, tumbo linasogea mbele, kiuno kinapinda zaidi, na kano ya kinena inavutwa. Wakati mwingine ganzi huanza siku ya kujifungua, baada ya mama kulala muda mrefu akiwa amekunja na kutanua mapaja. Kwa kawaida huondoka yenyewe wiki au miezi baada ya mtoto kuzaliwa. Mama aelezwe hivyo mapema, na akijifunga mkaja auweke juu ya nyonga, usikate kwenye zile ncha za mfupa.

Matibabu huanza kwa kuondoa kinachobana. Mlinzi wetu anahitaji mkanda mwepesi, vifaa vihamie kwenye mkanda wa begani, suruali iongezwe kiuno, na uzito upungue taratibu. Neva hupona polepole, kwa wiki na miezi, hivyo asikate tamaa mwezi wa kwanza. Mwako ukizidi, daktari anaweza kuandika amitriptilini au gabapentini. Ukikataa kutulia, huchomwa sindano ya dawa ya ganzi pamoja na steroidi pale neva inapotokea. Kumwambia mwenye ganzi kwamba atachomwa ganzi humchanganya, na inafaa afafanuliwe: sindano hiyo hunyamazisha neva kwa saa chache, na mwako ukizimika saa hizo, imethibitika kuwa neva iliyoshukiwa ndiyo yenyewe. Upasuaji wa kuilegeza au kuikata hufikiwa na wachache.

Neva hii haina kazi nyingine ila kuhisi ngozi. Haikunji goti, haiinui mguu, haizuii mkojo. Kwa hiyo goti likianza kukuachia ukipanda ngazi, ganzi ikishuka mpaka unyayoni au ikashika makalio na sehemu za siri, au mkojo na choo vikakushinda, hiyo si ganzi ya paja la nje. Nenda hospitali siku hiyohiyo.