Cha juu si faida

Muulize muuza dagaa wa mtandaoni pale Musoma anapata faida gani, atakutajia cha juu: kanunua 12,000, kauza 20,000, basi 8,000. Hiyo ni tofauti ya bei tu. Tuseme oda inakwenda Bunda. Mfuko na lebo 800, makato ya kupokea malipo kwa simu 200, bodaboda hadi stendi 1,000, kifurushi cha basi 3,000. Zinabaki 3,000. Wahasibu huziita mchango wa oda, na jina linafaa, maana ndizo zinazochangia bando na kodi ya chumba. Faida huanza hayo yakishalipwa.

Oda ya Butiama ni kisa kingine. Mzigo ukishushwa Makutano, bodaboda akidai 3,000 za kuufikisha, mchango ni sifuri, na cha juu bado kinasomeka 8,000. Hapo ndipo tangazo la “delivari bure” linapomponza mtu: oda zinaongezeka, simu haitulii, lakini hela ya kununulia dagaa wengine haiongezeki. Butiama itozwe nauli yake, au mteja achukue mifuko miwili kwa safari moja.