Tathmini si maoni: ngazi ya Bloom katika semina ya Eastlands

Mwaka 1956, Benjamin Bloom na wenzake huko Marekani walipanga stadi za kufikiri katika viwango sita: maarifa, ufahamu, matumizi, uchanganuzi, usanisi na tathmini. Mpango huo huitwa taksonomia, yaani uainishaji wenye mpangilio. Walimu wetu wengi husema tu ngazi za Bloom, na neno hilo limebahatika. Ngazi ni kiwango, na ngazi ni kile kifaa cha kupandia. Anayesikia "ngazi ya tathmini" anaelewa mara moja kwamba huko juu hakufikiwi kwa kuruka.

Mimi niliruka. Niliongoza semina ya vijana kumi na wawili kuhusu mradi wa makazi wa Dandora, huku Eastlands jijini Nairobi, uliogawia watu viwanja wajijengee, tukiwa tumesoma makala ya kurasa mbili. Swali langu la kwanza lilikuwa: "Je, mradi ule ulifaulu?" Waliokulia kwenye ploti za wazazi wao wakasema ulifaulu. Wapangaji wakasema haukufaulu. Nusu saa ikapita kila mtu akirudia alichosema mwanzo, sauti tu ndiyo iliyokuwa ikipanda. Kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, ulifaulu kwa nani?" Hapo nikajua nilikuwa nimeomba maoni huku nikiyaita tathmini.

Tathmini ni ndugu wa thamani. Huwezi kutia kitu thamani bila kipimo. Kwa hiyo swali la tathmini halijakamilika mpaka vigezo vitajwe, na vigezo hupatikana katika vidato vya chini.

Wiki iliyofuata tulianza upya. Kwanza, maarifa, yaani kukumbuka: mradi ulianza lini, na aliyepewa kiwanja alikuta nini? Ulianza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwenye kiwanja alikuta choo, bafu na mabomba. Vyumba, kwa sehemu kubwa, alijijengea mwenyewe. Maswali haya hayakuchukua hata dakika tano, lakini sasa sote tulikuwa tukizungumzia kitu kimoja.

Pili, ufahamu: eleza kwa maneno yako kwa nini hawakujengewa nyumba nzima. Kijana mmoja akajibu kwamba fedha ambazo zingejenga nyumba chache zilitandazwa zifike kwa watu wengi, kila mmoja amalizie kwa uwezo wake.

Tatu, matumizi. Nikawapa mfano wa kubuni: mama amejenga chumba cha pili kwa shilingi 60,000 na kukipangisha kwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Baada ya muda gani fedha zake zitarudi? Miezi ishirini. Aliyekokotoa akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hata mimi ningeongeza cha tatu."

Sentensi hiyo ilitupandisha hadi uchanganuzi bila kusukumwa: nani alinufaika na vyumba hivyo, nani alilipa, na kwa nini viwanja vingi leo vimebeba maghorofa ya kupangisha? Wakatenganisha mwenye ploti, mpangaji na jirani aliyezibiwa mwanga. Katika usanisi nikawaomba watunge sharti moja ambalo lingemlinda mpangaji bila kumzuia mwenye ploti kujenga.

Ndipo nikarudisha swali langu la kwanza, ila sasa wao wenyewe walikuwa na vigezo vitatu: idadi ya watu waliopata pa kulala, uwezo wa maskini kumiliki, na hewa na mwanga ndani ya vyumba. Kwa kigezo cha kwanza wengi walisema mradi ulifaulu. Kwa cha tatu wengi walisema hapana. Mtoto wa mwenye ploti na mpangaji walikubaliana mahali pawili, na pale walipotofautiana kila mmoja aliweza kusema kwa nini.

Kuna mtego mmoja katika kutunga maswali haya. Kitenzi peke yake hakikupandishi. Ukiandika "changanua sababu tatu" na sababu hizo tatu zimeorodheshwa kwenye makala, umeuliza swali la kukumbuka lililovaa kanzu ya uchanganuzi. Dalili yake ni majibu yote kufanana, kwa maneno yaleyale ya makala. Dawa ni kuuliza jambo ambalo makala haikulisema.

Mpangilio wenyewe nao si amri. Toleo lililorekebishwa la mwaka 2001 liliweka kubuni juu ya tathmini. Na katika mitaa yetu mtu huja na hukumu yake tayari, kwa kuwa ameishi jambo lenyewe. Usimzuie. Iandike hukumu yake ubaoni, shukeni pamoja hadi kidato cha kwanza, kisha mpande mkiibeba. Mkifika juu, mwulize kama bado anaishikilia, na kwa kipimo gani.