Hali ya uwezekano mkubwa wa saikosisi

Saikosisi ni hali ambayo mtu hupoteza kipimo cha kutenganisha kilichopo na kisichokuwepo: husikia sauti zisizo na msemaji, au hushikilia kwa yakini kwamba anafuatiliwa. Mara nyingi haiingii ghafla. Hutanguliwa na miezi, hata miaka, ya mabadiliko madogo, na kipindi hicho ndicho watafiti wanachojaribu kukitambua mapema. Mfasiri mwenye haraka atakiita kipindi hicho «hatari kubwa ya kliniki ya saikosisi». Tatizo ni kwamba neno hatari, likiambatanishwa na mtu, hutufanya tumkimbie: «mtu hatari» ni yule anayeweza kutudhuru. Napendekeza «hali ya uwezekano mkubwa wa saikosisi», na dalili zake ziitwe «dalili hafifu». Si kwa ajili ya adabu tu. Vigezo vyenyewe vinapima uwezekano, havithibitishi ugonjwa.

Vigezo vinavyotumika sana vilitokana na kazi ya Alison Yung, Patrick McGorry na wenzao mjini Melbourne, walikofungua kliniki yao mwaka 1994. Jina lake, PACE, lilizungumzia tathmini na nyakati za mgogoro, bila kutaja saikosisi. Hojaji yao, CAARMS, ina milango mitatu. Wa kwanza ni wa dalili hafifu: mawazo, hisi au maneno yaliyokengeuka, ila hayajafikia ukali wa saikosisi. Wa pili ni wa dalili kali zilizokaa chini ya wiki moja kisha zikaondoka zenyewe bila dawa. Wa tatu ni wa mtu aliye na mzazi, ndugu wa damu au mtoto aliyepata saikosisi, au mwenye tabia ya kudumu ya aina ya kiskizotipia, ambaye juu ya hayo uwezo wake wa kusoma, kufanya kazi na kuishi na wenzake umeporomoka.

Tumchukue kijana wa kubuni, mwanachuo wa miaka 19. Kwa miezi mitatu, mara kadhaa kwa wiki, amekuwa akisikia mtu akimwita jina wakati chumba ni kitupu. Kwenye basi huona abiria wanamsema, akiulizwa hujibu, «Labda nawaza tu.» Halali vizuri na alama zake zimeshuka. Mtathmini hatosheki na kuuliza kama anasikia sauti. Huuliza ni mara ngapi, hudumu kwa muda gani, anaziamini kiasi gani, zimembadilisha mwenendo vipi, na kama huja baada ya bangi tu. Huuliza pia jamii yake inalionaje jambo hilo, kwa kuwa imani inayoshirikiwa na watu wake, kama ya majini, haihesabiwi kuwa dalili kwa sababu tu daktari haiamini. Ile «labda» ndiyo yenye uzito: shaka ingali hai, kwa hiyo kijana anaingia mlango wa kwanza.

Je, kuna haja ya kumpa jina lolote? Uchambuzi wa pamoja wa tafiti, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba walioingia saikosisi walikuwa takriban asilimia 22 baada ya mwaka mmoja na 36 baada ya miaka mitatu. Yaani wengi hawakufika huko. Tena viwango hivyo ni vya watu waliojitokeza wenyewe au kuletwa kwa sababu wanataabika. Ukiipeleka hojaji ile ile katika shule nzima, utakusanya wasiwasi mwingi na saikosisi chache. Hoja hiyo ya wanaopinga kuipa hali hii jina la ugonjwa ilisikika: mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili, DSM-5, ulipotoka mwaka 2013 uliiweka hali hii miongoni mwa zinazohitaji utafiti zaidi, si katika orodha ya magonjwa rasmi.

Watetezi nao hujibu kwamba pasipo jina hakuna huduma, na kijana huyu anateseka leo, iwe saikosisi itakuja au isije. Wana haki, ila jibu lao linadai tiba ya taabu iliyopo, si ya ugonjwa unaohofiwa. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa NICE wa mwaka 2014 unapendekeza tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo, pamoja na kutibu wasiwasi au sonona iliyopo, na unakataza kutoa dawa za saikosisi kwa lengo la kuizuia tu.

Pingamizi ninalolihofia zaidi ni kwamba neno laini litawafanya watu wazembee. Hapo ufuatiliaji ndio unaosema. Kijana wetu hupimwa tena kwa vipindi, kwa maswali yale yale, na kizingiti kinajulikana tangu mwanzo: dalili zikifikia ukali kamili, zikawa za kila siku au karibu kila siku na kupita wiki moja, hiyo ni saikosisi, na matibabu yake huanza bila kusubiri tarehe ya miadi. Kabla ya hapo, faili lake liandike kilichoonekana na lini: dalili hafifu, usingizi mbaya, kushuka kimasomo, shaka bado ipo. Neno skizofrenia halina nafasi humo, kwa sababu faili hilo litasomwa na daktari mwingine atakayeliamini.