Kupakia vyombo vya nyumba kwenye lori: mita za ujazo peke yake hazitoshi

Familia inayohama kutoka Kigali kwenda Kampala kwa njia ya Gatuna hujiuliza kwanza iwapo vyombo vyake vyote vitaingia katika lori moja. Lori la pili ni gharama maradufu, na ni mzigo wa pili wa kukaguliwa mpakani. Jibu hupatikana kwa utepe wa kupimia kabla ya kukubaliana bei na mwenye gari, lakini hesabu yenyewe ina mtego.

Tuchukue lori dogo ambalo bodi yake, kwa ndani, ina urefu wa mita 4, upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 2. Vipimo hivyo vikizidishwa vinatoa mita za ujazo 14.4. Kila chombo nacho hupimwa kana kwamba kimetiwa ndani ya sanduku linalokienea barabara, kuanzia ncha hadi ncha. Kiti kina uwazi mwingi chini yake, lakini uwazi huo uhesabiwe kuwa umejaa mpaka uwe umeamua nini kitaingia humo.

Kwa nyumba ya vyumba viwili, orodha inaweza kuwa hivi: kochi refu na makochi mawili ya mtu mmoja huchukua takriban mita za ujazo 3; meza ya kulia 1; viti vyake sita 1.35, kabati la nguo 1.7, friji 0.6, magodoro mawili 1.1, vitanda viwili vilivyofunguliwa 0.7, na maboksi 30 ya ukubwa mmoja 2.4. Jumla ni 11.85. Kwa kuwa lori lina 14.4, mtu huona amebakiwa na nafasi tele, na hapo ndipo anapojidanganya. Vyombo havishikani kama matofali. Kwa hesabu ya tahadhari, robo ya bodi hupotea katika mapengo, kwa hiyo nafasi ya kutegemewa ni 10.8 tu. Mzigo umezidi kwa mita ya ujazo moja na zaidi kidogo.

Pungufu hilo hupatikana kwenye vyombo vyenye maumbo magumu. Meza ikiondolewa miguu, ile mita moja hushuka hadi 0.2. Viti vikipangwa viwili viwili, kimoja kikipinduliwa juu ya kalio la mwenzake, huokoa kama 0.45. Sasa jumla ni 10.6, nayo inaingia kwa shida. Kulifungua kabati kungeokoa zaidi ya mita moja nyingine, lakini mimi singeshauri hivyo kwa kabati la mbao za kushindiliwa, kwani parafujo zake zikishatolewa mara nyingi hazishiki tena vizuri. Kabati la mbao ngumu halina tatizo hilo.

Hata hivyo, ujazo hauoni urefu. Kochi letu lina urefu wa mita 2.1. Halisimami wima, kwa sababu kimo cha bodi ni mita 2, wala halilali kukingama upana wa mita 1.8. Limebaki na njia moja tu, kulala sambamba na ubavu wa lori. Likiwa na kina cha sentimita 85, na kochi dogo la kina hicho hicho likiwekwa mkabala nalo, zinabaki sentimita 10. Hapo unasimama uso wa meza, umefungwa blanketi. Magodoro hupanda juu ya makochi. Chora mstatili wa mita 4 kwa 1.8 uani kwa chaki na uvipange vyombo vikubwa humo kwanza. Kosa la aina hii litaonekana kabla wapakiaji hawajafika.

Upakiaji huanza nyuma ya kichwa cha gari kwa friji, iliyosimama wima, na maboksi mazito ya vitabu na vyombo vya jikoni chini. Kila safu hujengwa kama ukuta, toka sakafuni hadi karibu na paa, kisha hufungwa kwa kamba kabla ya kuanza nyingine. Mito na mabunda ya nguo hushindiliwa katika mapengo.

Safu ikikamilika, isukume kwa mikono miwili. Ikiyumba, kuna pengo, na barabara ya milimani yenye kona nyingi kutoka Kigali hadi Gatuna italipanua. Andika namba kwenye kila boksi na uweke orodha mkononi: afisa wa forodha akitaka kuona boksi la 17, ujue liko ukuta wa ngapi bila kushusha mzigo wote.