Kila mara nusu ya njia iliyobaki: Je, mkimbiaji anafika?

Mkimbiaji yuko Kagongwa, wilayani Kahama. Mbele yake kuna mita 1,600 za barabara na kasi yake ni mita 4 kwa sekunde, haipungui wala haiongezeki. Kabla ya kufika lazima amalize nusu, yaani mita 800. Kisha nusu ya zilizobaki, mita 400. Kisha 200, 100, 50... Kila mara kuna nusu nyingine mbele. Sasa atafikaje?

Fumbo hili ni la Zeno wa Elea, Mgiriki aliyeishi karne ya 5 KK. Tunalijua zaidi kupitia maandishi ya Aristotle. Hoja yake ni kwamba vipande visivyo na mwisho haviwezi kumalizwa.

Tuhesabu muda

Mita 800 zinamchukua sekunde 200. Mita 400 zinachukua 100, halafu 50, halafu 25. Jumlisha hatua kwa hatua: 200, 300, 350, 375...

Angalia pengo hadi 400: ni 200, 100, 50, 25. Kila hatua inaziba nusu tu ya pengo, kwa hiyo jumla haivuki 400 kamwe. Lakini pia haikwami chini yake. Chagua 399.9, hatua ya 12 itakuwa imeshaipita. Namba inayokaribiwa hivyo ndiyo jumla ya mfululizo wote.

Njia ya mkato:

```
T   = 200 + 100 + 50 + 25 + ...
T/2 =       100 + 50 + 25 + ...
T - T/2 = 200
T = 400
```

Sekunde 400 ni dakika 6 na sekunde 40. Ni jibu lile lile la kugawa 1,600 kwa 4. Kosa la hoja ya Zeno liko hapa: vipande vingi visivyo na mwisho si lazima vichukue muda usio na mwisho.

Lini hafiki?

Sasa mwambie asimame sekunde 1 kila anapomaliza nusu. Baada ya hatua 10 zimebaki kama mita 1.6, na baada ya hatua 20 ni kama milimita 1.5. Kwa macho utasema kafika. Kihesabu bado, maana 1 + 1 + 1 + ... haina kikomo. Huyu kweli hafiki.

Vipande kupungua pekee hakutoshi pia. Akisimama nusu sekunde, kisha theluthi, kisha robo, kisha moja ya tano, na kuendelea hivyo, vituo vinazidi kuwa vifupi lakini jumla yake bado inakua bila kikomo.

Kwa hiyo ukikutana na fumbo la aina hii, usihesabu hatua ni ngapi. Uliza jumla ya muda inakaribia namba gani. Ikiwa haikaribii namba yoyote, hata ile njia ya mkato juu usiitumie, kwa sababu T yenyewe haipo.